Jedwali la mkataba: kuundwa, utetezi na nafuu, kila kimoja na kisa chake

Mwanafunzi anayesoma sheria ya mikataba kwa kukariri vifungu hukwama pale swali linapokuja kama hadithi: fulani alimpigia fulani, akatuma hela, gari likaharibika, wakagombana. Vifungu anavijua, ila hajui aanzie wapi. Dawa yake ni jedwali la ukurasa mmoja ambamo kila kanuni imefungwa kwenye kisa kifupi, kwa sababu mtihani hukuletea visa, na mteja hali kadhalika.

Jedwali hili linafuata Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata karibu neno kwa neno Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na ndiyo maana hukumu za India husomwa sana Dar es Salaam. Namba za vifungu hapa chini ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake, na Kenya iliacha ile ya India na kurudi kwenye kanuni za Kiingereza, kwa hiyo msomaji wa Nairobi achukue mpangilio tu, namba aziache.

## Hatua ya 1: Chora safu, kisha andika kisa kabla ya kanuni

Chukua karatasi, uilaze, uchore safu tatu: jambo na kifungu chake, kisa cha sentensi moja au mbili, na mwisho "kinachogeuza jibu". Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye kazi. Ndani yake unaandika ukweli mmoja ambao ukibadilika, jibu linapinduka. Ukiweza kuutaja ukweli huo, kanuni umeielewa. Ukishindwa, umeikariri tu.

Ugawe ukurasa katika mafungu matatu, kutoka juu kwenda chini: kuundwa, utetezi, nafuu. Mpangilio huu haubadiliki kamwe. Mtu anayeanza na fidia kabla hajathibitisha kwamba mkataba ulikuwepo anajenga paa hewani, na wasahihishaji humkamata mapema.

| Jambo na kifungu | Kisa | Kinachogeuza jibu |
|---|---|---|
| Ofa na kukubali (2, 7) | Asha: "Nauza pikipiki 2,500,000." Juma: "Naichukua, ila nalipa kwa awamu mbili." Hakuna mkataba, Juma ametoa ofa mpya. | Juma angejibu "naichukua" bila sharti. |
| Malipo (2, 25) | Shangazi anamwahidi mpwa wake kwa mdomo zawadi ya 1,000,000, kisha anaghairi. Haidaiwi. | Ahadi iwe ya kumlipa kwa kazi aliyomwomba aifanye. |
| Uwezo (11) | Kijana wa miaka 17 ananunua televisheni kwa mkopo. Makubaliano ni batili. | Kilichotolewa kiwe hitaji la maisha, kama chakula (68). |
| Lengo halali (23) | Mtu analipwa 300,000 "amtafutie" mwenzake leseni kwa kumhonga afisa. Batili. | Alipwe kujaza fomu na kufuatilia kihalali. |
| Shuruti (15, 19) | Fundi ameshalipwa gharama zote, lakini haachii gari mpaka mwenyewe anunue betri kwake. | Gharama za matengenezo ziwe hazijalipwa. |
| Ushawishi usiofaa (16) | Bibi mgonjwa anamuuzia kiwanja mjukuu anayemuuguza, kwa bei ya kutupa. | Bibi awe alishauriwa na mtu asiye na maslahi, na bei iwe ya haki. |
| Udanganyifu (17, 19) | Muuzaji anarudisha mita ya gari nyuma na kusema limetembea kilomita 60,000. | Mnunuzi awe aliujua ukweli kabla ya kulipa. |
| Kosa la pande zote (20) | Wawili wanauziana shehena iliyomo jahazini. Wote hawajui kuwa limezama jana. | Muuzaji awe alijua. |
| Kutowezekana (56) | Ukumbi uliokodishwa kwa harusi unateketea kwa moto usio wa mtu yeyote. | Ukumbi uwepo, ila gharama ziwe zimepanda. |
| Fidia (73, 74) | Muuzaji hakuleta mzigo. Bei ya soko imepanda. | Mnunuzi awe angeweza kupunguza hasara, akakaa. |
| Kurejeshewa (65) | Mkataba umegundulika kuwa batili, amana ilishapokelewa. | Amana iwe haikupokelewa. |
| Kuamriwa kutekeleza | Muuzaji wa kiwanja amelipwa yote, anakataa kuhamisha. | Kitu kiwe kinapatikana popote sokoni. |

Safu ya tatu haigeuzi jibu kwa namna moja kila mahali. Kwa fundi, kama gharama hazijalipwa, kulishikilia gari ni haki yake. Kwa jahazi, kama muuzaji alijua, hilo si kosa la wote wawili tena. Tumehamia kwenye udanganyifu.

## Hatua ya 2: Pitisha hadithi kwenye fungu la kuundwa

Kifungu cha 10 ndicho lango lenyewe. Kinasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo, kwa malipo halali na lengo halali, na yasiwe yametajwa na sheria kuwa batili. Soma hadithi mara moja ukitafuta jambo moja tu: ni sentensi gani ilikuwa ofa, na ipi ilikuwa ya kukubali? Zipigie mstari. Katika visa vya siku hizi mara nyingi ni jumbe za simu, na hilo halina shida. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mkataba uliofungwa kwa njia hiyo.

Angalia sana maneno "ila", "mradi", "kama utanipa". Chini ya kifungu cha 7, kukubali lazima kuwe kamili na bila sharti. Jibu lenye "ila" linaua ofa ya kwanza na kuzaa ofa nyingine, na aliyeitoa hawezi baadaye kurudi kuikubali ile ya mwanzo kana kwamba ingali hai.

Malipo, yaani kitu kinachotolewa au kufanywa badala ya ahadi, si lazima kiwe fedha, ndiyo sehemu inayowaponza wanafunzi waliosoma vitabu vya Uingereza. Huko, kazi iliyokwisha kufanyika kabla ya ahadi kwa kawaida haihesabiki kuwa malipo ya ahadi hiyo. Kifungu cha 2 cha sheria yetu kinasema vingine: kinataja kitu ambacho mtu "amefanya", anafanya, au anaahidi kufanya, kwa matakwa ya mtoa ahadi. Chukua jirani aliyeombwa kuchunga shamba msimu mzima bila kutajiwa ujira, na baada ya mavuno mwenye shamba akamwambia, "Nitakupa laki tatu kwa kazi uliyonifanyia." Kwa sheria ya Tanzania ahadi hiyo ina malipo. Na hata kama jirani angechunga kwa hiari yake bila kuombwa, kifungu cha 25 kina mlango wa pembeni kwa ahadi ya kumlipa mtu aliyekufanyia jambo kwa hiari. Mwanafunzi anayemnyima jirani huyu haki yake kwa kutumia hukumu ya London anapoteza alama zote za sehemu hiyo.

Kifungu cha 2 pia kinaruhusu malipo yatoke kwa "mtu mwingine yeyote", si lazima yatoke kwa aliyeahidiwa. Baba akilipa ili fundi amjengee bintiye kibanda cha biashara, malipo yapo hata kama binti hakutoa senti.

Usiulize kama bei inatosha. Mahakama haipimi kama gari la milioni kumi liliuzwa kwa milioni mbili. Udogo wa bei unaweza tu kuwa dalili kwamba ridhaa haikuwa huru, kwa hiyo uandike kwenye fungu la utetezi, si hapa.

Kabla ya kushuka, angalia umbo. Mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi unataka maandishi chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Mauzo ya bidhaa nayo yana kanuni ambayo wengi hawaitegemei: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mkataba wa bidhaa za shilingi 200 au zaidi haudaiki mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, au ametanguliza chochote, au kuna maandishi yaliyosainiwa. Kiasi hicho leo hakinunui hata soda, kwa hiyo karibu kila biashara imo. Ndiyo maana lile "nitumie kidogo ya kushika mzigo" lina uzito wa kisheria kuliko wafanyabiashara wanavyodhani.

## Hatua ya 3: Kwenye utetezi, tenganisha mkataba uliokufa na ulio mgonjwa

Hapa ndipo jedwali linapolipa gharama ya kulichora. Kila utetezi uweke alama moja kati ya mbili: "batili" au "unabatilishika". Mkataba batili haukuwahi kuwa na nguvu, au umeipoteza kabisa, na hakuna mtu anayeweza kuufufua kwa kuupenda. Unaobatilishika ni mzima mpaka aliyekosewa aseme hautaki. Na anaweza kuamua kuushikilia.

Ukosefu wa uwezo, lengo haramu, kosa la pande zote na kutowezekana viko upande wa batili. Shuruti, ushawishi usiofaa, udanganyifu na maelezo ya uongo yasiyo na nia mbaya viko upande wa kubatilishika. Ukikosea alama hii, nafuu yote itakayofuata itakuwa na kasoro.

Rudi kwenye gari la mita iliyorudishwa nyuma. Kifungu cha 19 kinampa mnunuzi njia mbili. Ya kwanza ni kuuvunja mkataba, kurudisha gari na kuchukua fedha zake. Ya pili, ambayo wanafunzi huisahau, ni kubaki na mkataba na kudai awekwe mahali ambapo angekuwa kama maelezo yangekuwa ya kweli. Kama amelipa 14,000,000 kwa gari ambalo, kwa kilomita halisi, thamani yake ni 9,000,000, na anahitaji gari hilo kwa kazi, njia ya pili inaweza kumfaa zaidi.

Kifungu hichohicho kina kinga kwa muuzaji, lakini ni nyembamba. Kama ridhaa ilitokana na maelezo ya uongo yasiyo ya makusudi, au na ukimya wa hila, mkataba haubatilishiki iwapo mnunuzi angeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kinga hiyo haimlindi aliyesema uongo wa makusudi kwa kinywa chake. Kwa hiyo muuzaji aliyerudisha mita nyuma hawezi kumwambia mnunuzi, "Ungempeleka fundi alikague." Katika safu ya tatu andika hivi: alidanganya, alikosea, au alinyamaza? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua.

Ukimya peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale mtu ana wajibu wa kusema, au ukimya wake katika mazingira hayo ni sawa na kusema.

Kwa ushawishi usiofaa, tafuta mambo mawili kwa pamoja: mmoja ana mamlaka juu ya nia ya mwenzake, na ameyatumia kupata faida isiyo ya haki. Mjukuu kumuuguza bibi si kosa. Bei ya kutupa nayo peke yake haitoshi. Vikikutana, mzigo wa kuthibitisha humgeukia mjukuu: yeye ndiye aonyeshe kwamba hakumshawishi bibi isivyofaa.

Kutowezekana hutumiwa vibaya kuliko utetezi wowote. Mafuta yamepanda, shilingi imeshuka, mvua imechelewesha lori: hayo ni ugumu. Kifungu cha 56 kinazungumzia tendo ambalo limekuwa haliwezekani, au limekuwa kinyume cha sheria, baada ya mkataba kufungwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekuwa ikishikilia kwamba watu wazima waliofunga mkataba kwa hiari watabanwa nao, na visingizio vya kutotekeleza hupokewa kwa shingo upande.

## Hatua ya 4: Ipeleke hadithi nzima hadi kwenye hesabu

Sasa kisa kirefu zaidi. Asha, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, anamwandikia Juma wa Mbarali tarehe 20 Mei: "Nahitaji magunia 100 ya mchele, kilo 100 kila moja, kwa 180,000 gunia, nichukue Juni 15." Juma anajibu, "Sawa, tanguliza milioni tano." Asha anatuma siku hiyohiyo. Katika makubaliano wameandika kwamba atakayevunja atalipa 10,000,000. Juni 15 lori la Asha linafika Mbarali na kukuta ghala tupu. Juma ameuza kwa mwingine, kwa sababu bei imefika 210,000. Asha alikuwa amewaahidi hoteli moja mchele huo kwa faida ya 4,000,000, lakini Juma hakuambiwa. Lori limerudi tupu kwa gharama ya 900,000. Asha anangoja hadi Agosti ndipo ananunua mchele mwingine, kwa 250,000 gunia.

Fungu la kwanza. Jibu la Juma lina "tanguliza", kwa hiyo si kukubali. Ni ofa mpya. Asha ameikubali kwa kutimiza sharti lenyewe, yaani kutuma fedha, na kifungu cha 8 kinalitambua hilo kuwa kukubali. Milioni tano hizo pia zinamaliza hoja ya maandishi chini ya Sura ya 214. Mkataba upo.

Fungu la pili. Juma atasema bei ya soko ilibadilika. Huo ni ugumu, tena si ugumu wa kweli, maana mchele alikuwa nao. Hakuna utetezi.

Fungu la tatu ndilo refu. Kifungu cha 73 kinampa Asha hasara iliyotokana kwa kawaida na uvunjaji, pamoja na ile ambayo wote wawili walijua, walipofunga mkataba, kwamba ingeweza kutokea. Ni kanuni ileile ya hukumu ya Uingereza ya mwaka 1854 ya Hadley dhidi ya Baxendale, iliyohusu shafti ya mashine ya kinu iliyocheleweshwa na msafirishaji.

Anza na amana: 5,000,000 zinarudi. Kisha tofauti ya bei, ambayo hupimwa siku mzigo ulipopaswa kutolewa, si siku mnunuzi alipoamua kununua. Yaani 210,000 kutoa 180,000, mara 100: 3,000,000. Zile 40,000 za ziada kwa gunia zilizopanda hadi Agosti hazipati, kwa sababu kifungu cha 73 kinataka zizingatiwe njia ambazo mtu alikuwa nazo za kupunguza hasara, na mchele ulikuwepo sokoni Juni. Gharama ya lori, 900,000, anaipata akiwa na risiti, kwani mnunuzi wa Dar es Salaam kutuma lori Mbarali ni jambo ambalo Juma alilitarajia. Faida ya hoteli inaanguka: Juma hakuijua. Geuza ukweli huo mmoja, Asha awe amemwandikia Mei 20 kwamba mchele ni wa hoteli na faida yake ni kiasi gani, na hoja hiyo inafufuka.

Jumla ni 8,900,000. Na zile 10,000,000 walizoandika? Wengi hudhani Asha anazibeba zote. Kifungu cha 74 kinasema kiasi kilichotajwa ni dari: mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi hapo, hata kama hasara halisi haikuthibitishwa. Hapo tenganisha amana, ambayo ni fedha ya Asha mwenyewe inayorudi, na fidia, ambayo ni 3,900,000. Fidia ndiyo inayopimwa dhidi ya dari, na iko chini yake sana. Sharti kama hilo mkatabani linamsaidia zaidi mtu aliyepoteza risiti kuliko aliyepata hasara kubwa.

Kumwamuru Juma alete mchele haina maana. Magunia ya aina hiyo yapo kila soko. Amri ya kutekeleza iwekee kiwanja, nyumba, au kitu ambacho fedha haziwezi kukipata kwingine, na kumbuka kwamba hutolewa kwa busara ya mahakama.

## Hatua ya 5: Ongeza mstari wa ushahidi na wa muda

Chini ya jedwali acha nafasi ya mistari miwili. Wa kwanza: kila tarakimu ya hasara halisi iwe na karatasi yake. Mahakama ya Rufani imesisitiza, katika hukumu ya mwaka 1992 inayonukuliwa mno, kwamba fidia mahsusi lazima itajwe waziwazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe. Lori lisilo na risiti linafutwa hata kama kila mtu anajua lilikwenda.

Wa pili: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na kwa kisa cha Asha saa inaanza kugonga Juni 15, siku ghala lilipokutwa tupu, si siku ya makubaliano wala Agosti aliponunua kwingine. Muda ukipita, safu nzima ya nafuu haina kazi, isipokuwa Juma mwenyewe aahidi kwa maandishi yaliyosainiwa kulipa deni lililopitwa na wakati, ahadi ambayo kifungu cha 25 kinaihesabu kuwa mkataba hata bila malipo mapya.